Milimita Tatu za Kutupwa

Fundi wa matbaa anapofungua faili lako, hajui ulichokuwa nacho kichwani. Anachokiona ni ukurasa wenye upana wa milimita 154 na urefu wa milimita 216, na pembeni ana oda inayosema kadi ya A5. A5 ni milimita 148 kwa 210. Vipimo havilingani, foleni ni ndefu, na kwenye dirisha la kuchapa kuna chaguo lililoandikwa Fit. Akilibofya, kompyuta inaisinyaza kadi mpaka upana uwe 148. Urefu nao unashuka hadi kama 207.6, na kadi 300 za harusi zinatoka na ukanda mweupe wa zaidi ya milimita moja juu na chini. Faili lilikuwa sahihi kabisa. Kilichokosekana ni mistari michache ya baruapepe ya kueleza kwa nini lilikuwa kubwa kuliko kadi.

Tuichukue kadi hiyohiyo: mwaliko wa pande mbili, uso wake buluu iliyokolea hadi ukingoni. Baruapepe ya kuisindikiza ingekuwa hivi:

Mada: Kadi ya mwaliko A5, pande mbili, nakala 300

Habari za kazi,

Nimeambatisha faili moja, mwaliko_A5_mwisho.pdf, lenye kurasa mbili. Wa kwanza ni uso, wa pili ni mgongo.

Kadi ikishakatwa iwe mm 148 kwa 210, wima. Faili ni mm 154 kwa 216 kwa sababu lina bliidi ya mm 3 kila upande. Sijaweka alama za kukatia. Tafadhali chapeni kwa asilimia 100, msilipunguze.

Faili ni PDF/X-1a na fonti zote zimo ndani. Rangi ni CMYK, profaili FOGRA39. Maandishi madogo ni nyeusi peke yake. Buluu ya uso ni C100 M65 Y0 K10.

Karatasi ni ngumu ya kung'aa, gramu 300. Naomba sampuli moja kabla ya kuchapa zote. Mkikuta kitu kwenye faili hakilingani na haya, nipigieni kwanza.

Asanteni.

Uzito wa barua hii uko kwenye vile vipimo viwili vilivyowekwa jirani. Bliidi ni ile sehemu ya rangi inayovuka mpaka wa kadi na kuishia kwenye pipa la taka. Inahitajika kwa sababu gilotini hukata rundo zima la karatasi kwa mara moja, na kisu kinapobana rundo, karatasi husogea kidogo. Rangi ikiishia palepale kisu kinapotakiwa kupita, msogeo wa nusu milimita tu unatosha kuacha uzi mweupe ukingoni. Ikipitiliza milimita tatu, kisu kitakata ndani ya rangi hata kikikosea kidogo.

Msogeo huohuo unaelekea ndani pia, ndiyo maana majina na tarehe vikae angalau milimita tano kutoka ukingo wa kadi. Na hapa niwaseme kidogo wanaopenda fremu nyembamba ya dhahabu karibu na ukingo. Fremu iliyo milimita tatu kutoka ukingoni, kisu kikisogea milimita moja, itakuwa na mbili upande huu na nne upande ule, na jicho la mtu yeyote litaona. Isogeze ndani hadi milimita nane au kumi. Tofauti ileile haitaonekana sana.

Bliidi haiwezi kubuniwa matbaa bila hasara. Ukipeleka picha ya milimita 148 kwa 210 kamili, fundi mwenye huruma ataikuza kwa kama asilimia nne ili rangi ivuke mpaka, na kila kilichokuwa ukingoni kitasogelea kisu.

Kuhusu aina ya faili, maelezo ni mafupi. PDF/X-1a ni PDF yenye masharti: fonti lazima ziwe ndani, na rangi za RGB haziruhusiwi. Fonti isipokuwa ndani, kompyuta ya matbaa huweka nyingine inayofanana nayo, na jina la bwana harusi linaruka mstari. Hakikisha mwenyewe kabla ya kutuma. Fungua faili kwa Acrobat Reader, nenda kwenye Properties, tazama kipimo cha ukurasa, kisha kichupo cha Fonts. Kila fonti iwe na neno Embedded mbele yake. Na kama matbaa yenu hupokea kazi kwa WhatsApp, litume kama hati. Likipigwa picha ya skrini na kutumwa kama picha, hupunguzwa ubora, na ile milimita 154 kwa 216 haipo tena.

Rangi ndiyo yenye ugomvi mwingi. Skrini hutengeneza rangi kwa mwanga mwekundu, kijani na buluu, yaani RGB. Mashine hutumia wino wa sayani, majenta, njano na nyeusi, yaani CMYK. Buluu kali ya simu haina wino unaoifikia. Ikigeuzwa na kompyuta bila kuangaliwa, mara nyingi inapewa majenta karibu sawa na sayani, na buluu inakuwa zambarau. Ndiyo sababu barua imetaja C100 M65: pengo kubwa kati ya sayani na majenta ndilo linaloibakiza buluu. FOGRA39 nayo inaeleza rangi zilikadiriwa kwa karatasi ya aina gani, na hiyo ni karatasi iliyopakwa, ya kung'aa au iliyofifia. Ukibadilisha mawazo ukachukua karatasi isiyopakwa, wino utanyonywa na rangi zitapoa, hivyo mwambie fundi, maana profaili haitafaa tena.

Nyeusi ina mtego wake. Nyeusi ya skrini ikigeuzwa ovyo inakuwa mchanganyiko wa wino zote nne. Herufi ndogo hupigwa mara nne, na zisipolaliana sawasawa zinapata kivuli chekundu au cha buluu pembeni. Nyeusi peke yake hupigwa mara moja tu, hivyo herufi hubaki kali.

Watu wengi huandika "CMYK, 300 dpi" kwenye barua kama salamu, bila kulikagua faili. Ni afadhali kusema ukweli. Kama programu yako ya bure inatoa RGB tu, andika: "Rangi ni RGB, naomba mzigeuze na mnionyeshe sampuli." Isitoshe, baadhi ya matbaa zenye mashine za kidijitali hupendelea kupokea RGB na kugeuza wenyewe, kwa hiyo kuuliza kwa simu kabla ya kutengeneza faili si aibu.

Sampuli ikifika, ipime kwa rula, itazame nje kwenye mwanga wa mchana badala ya chini ya taa ya dukani, kisha soma herufi ndogo kabisa ukitafuta vile vivuli. Uliza pia imetoka kwenye mashine ileile itakayofanya kazi au kwenye printa ya ofisini, kwa kuwa ya ofisini haikuambii lolote kuhusu ile buluu. Ukiridhika, saini mgongoni na uandike tarehe, piga picha moja ya kwako, halafu waachie. Hiyo ndiyo watakayoweka kando ya mashine kulinganisha nakala zikianza kutoka.