Nyumba Moja, Matangazo Matatu

"Nyumba inauzwa Mbezi, ya kisasa kabisa, eneo zuri, bei maelewano." Matangazo ya namna hii hupita kila siku kwenye makundi ya Wasapu ya Dar es Salaam, na anayetafuta nyumba huyapita bila kusimama. Kwanza hajui ni Mbezi ipi. Ipo Mbezi Beach, upande wa Barabara ya Bagamoyo, na ipo Mbezi ya Kimara, kwenye Barabara ya Morogoro, kilipo Kituo cha Mabasi cha Magufuli. Bei za Mbezi hizi mbili hazilingani hata kidogo, na wapo madalali wanaoandika Mbezi tupu kwa makusudi, wakitumaini mtu atapiga simu. Hupiga kweli. Akishaambiwa ni ipi, hukata.

Muuzaji ana nafasi ndogo kuliko anavyodhani. Kwenye Instagramu maelezo hukatwa baada ya herufi 125 hivi, na yanayobaki hujificha mpaka mtu aguse kuendelea. Wasapu nayo hukunja ujumbe mrefu. Ile orodha ya vyumba, stoo, geti na pevingi husomwa na aliyekwisha kuvutiwa. Wa kumvuta ni kichwa cha tangazo na sentensi tatu au nne zinazokifuata.

Tuchukue nyumba moja ya mfano, iliyoko Goba, upande wa kuelekea Mbezi ya Kimara. Ina vyumba vinne, viwili masta, sebule, jiko na stoo. Kiwanja kimepimwa, mita za mraba 720, kina hati miliki kwa jina la muuzaji mwenyewe. Nyuma kuna nyumba ndogo mbili za chumba na sebule, kila moja ina choo ndani na mita yake ya Luku, na zote zina wapangaji wanaolipa shilingi 200,000 kwa mwezi. Maji ni ya Dawasa, na lipo simtanki la lita 5,000. Toka lami ni mita 400, na mita 150 za mwisho ni mlima wa kifusi, kama ilivyo sehemu nyingi za Goba. Bei ni milioni 185, maongezi yapo.

Dalali aliyezoea ataandika hayo yote kwa herufi kubwa, kwa mpangilio uleule anaotumia kila siku, kisha atarusha tangazo moja kwenye makundi yote. Hapo ndipo anapopoteza wanunuzi. Nyumba hii ina wanunuzi wa aina tatu wasiofanana, na kila mmoja anatafuta jambo tofauti kwenye mstari wa kwanza.

Wa kwanza ni familia iliyochoka kupanga. Mume na mke wanafanya kazi mjini, wana watoto wa shule. Swali lao la kwanza ni namna maisha ya kila siku yatakavyokwenda: usafiri, maji, nafasi ya watoto. Kichwa chao kinaweza kuwa hivi:

"Goba: nyumba ya vyumba vinne, mita 400 toka lami, maji ya Dawasa. Milioni 185."

Kina aina ya nyumba, mahali panapojulikana, mambo mawili yanayowagusa, na bei. Kwa haraka kinasomeka chote kabla skrini haijakata. Neno "kisasa" halimo, maana kila nyumba inayouzwa ni ya kisasa kwa maneno ya mwenyewe. "Karibu na lami" nayo haimo. Kuna dalali ambaye karibu kwake ni dakika kumi na tano kwa bodaboda. Ukitaja mita, mtu anapima mwenyewe kichwani.

Halafu aya ya kwanza:

"Nyumba ina vyumba vinne, viwili masta, ndani ya kiwanja chenye fensi cha mita za mraba 720, kwa hiyo watoto wana pa kuchezea na magari mawili yanaegeshwa bila kubanana. Kituo cha daladala kiko lamini, dakika tano au sita kwa mguu. Mita 150 za mwisho ni mlima wa kifusi: gari dogo linapanda, ila masika inataka uangalifu. Maji ya Dawasa yapo, na simtanki la lita 5,000 linakufikisha siku ambazo hayatoki."

Wauzaji wengi watasema sentensi ya mlima ingefichwa. Mimi naiacha ilipo. Mnunuzi atauona mlima huo siku ya kwanza akija kuangalia, tena akiwa ndani ya gari na mkewe, na atajiuliza ni kipi kingine hakikusemwa. Aliyeusoma mapema akaja hivyohivyo amekwisha kuukubali. Anayeukataa amekuokolea Jumamosi nzima. Tahadhari moja tu: kasoro isikae kwenye sentensi ya kwanza, na isielezwe kwa kujitetea. Itajwe mara moja, kwa kipimo chake, kisha tangazo lisonge mbele.

Wa pili ni mnunuzi wa kupangisha. Huyu hatalala kwenye nyumba hiyo, na pa kuchezea watoto hakumhusu sana. Anataka kujua inaingiza nini, tena leo. Kwake zile nyumba mbili za nyuma, ambazo kwenye tangazo la familia hazikutajwa hata mwanzoni, ndizo zinazopanda kwenye kichwa:

"Goba: nyumba kubwa na mbili za wapangaji, zinaingiza 400,000 kwa mwezi. Hati ipo. Milioni 185."

Aya yake iende moja kwa moja kwenye hesabu. Nyumba mbili za nyuma huleta shilingi milioni 4.8 kwa mwaka. Ikiwa nyumba kubwa itapangishwa kwa 800,000, jumla inakuwa milioni 1.2 kwa mwezi, yaani milioni 14.4 kwa mwaka, sawa na asilimia 7.8 hivi ya bei inayotajwa. Hapo lazima utenganishe kwa maneno kinachoingia sasa na kinachotarajiwa. Andika "zinalipa" kwa zile za nyuma, na "inaweza kupangishwa" kwa ile kubwa. Ukichanganya ukaandika "inaingiza milioni 1.2", mnunuzi ataomba mikataba ya wapangaji, ataona miwili tu, na bei itaanza kushuka kuanzia hapo. Mwenye uzoefu atatoa mwenyewe kodi ya zuio ya asilimia 10 kwenye pango, matengenezo, na miezi ambayo nyumba inakaa tupu, kwa hiyo usimpambie. Mwambie mikataba inaisha lini, na kwamba kila mpangaji ana Luku yake. Jambo hilo la Luku linaonekana dogo, lakini aliyewahi kusuluhisha ugomvi wa wapangaji wanaochangia umeme analijua uzito wake.

Wa tatu yuko mbali: Muscat, London au Minnesota, Mtanzania anayetaka nyumba ya kurudia. Anazo fedha, na anayo hofu. Amesikia habari za kiwanja kilichouzwa mara mbili, za ndugu aliyetumiwa fedha za tofali akajenga kwake, za hati iliyokuwa ya kughushi. Mita 400 toka lami zinampendeza, ila hazimpi usingizi. Kwake kichwa kinafunguliwa na nyaraka:

"Hati miliki, muuzaji ndiye mwenye jina: nyumba ya vyumba vinne Goba, milioni 185."

Na aya:

"Kiwanja kimepimwa, mita za mraba 720, hati miliki iko kwa jina la muuzaji, haijawekwa rehani, na mwenza wake ameridhia mauzo kwa maandishi. Mnunuzi anakaribishwa kufanya upekuzi ofisi ya ardhi kupitia wakili wake mwenyewe kabla ya kulipa chochote. Nyumba inaonyeshwa kwa simu ya video, kuanzia lamini mpaka ndani, siku na saa utakayochagua."

Kila neno hapo lina kazi. Ridhaa ya mwenza imetajwa kwa sababu Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu mmoja wa wanandoa kuuza nyumba ya familia bila mwenzake kukubali, na mauzo yaliyofanyika kinyemela huishia mahakamani. "Wakili wake mwenyewe" limewekwa kwa sababu aliye mbali hamwamini wakili aliyeletwa na dalali, na ana haki. Video inaanzia lamini ili mlima uonekane. Picha ya hati yenyewe usiibandike kwenye tangazo, maana wanaoghushi nao husoma matangazo. Namba ya hati anapewa mnunuzi aliyejitambulisha, akafanye upekuzi.

Bila shaka tangazo hili haliandikiki kama nyaraka hazisemi hivyo. Ikiwa kilichopo ni leseni ya makazi, au karatasi ya mauziano iliyogongwa muhuri serikali ya mtaa, taja hicho kilichopo. Wapo wanaonunua kwa nyaraka hizo, kwa bei yake. Kuandika "nyaraka zote zipo" ni kama kuuza samaki kwa kusema ana magamba: mnunuzi bado hajui kama ni changu au ni perege. Na ukimwandikia mgeni asiye raia, kumbuka kwamba sheria ya ardhi ya Tanzania humpa asiye raia ardhi kwa ajili ya uwekezaji tu. Neno "miliki kabisa" kwenye tangazo lake litakuletea maswali usiyoweza kuyajibu.

Ukweli wa nyumba haukubadilika kwenye matangazo hayo matatu. Bei ni ileile, mita ni zilezile, na ni lazima iwe hivyo, maana mtu mmoja anaweza kuyaona yote. Aliyekuta milioni 185 kwenye kundi moja na milioni 200 kwenye jingine hapigi simu kuuliza ipi sahihi. Anapiga akitaka 170.

Kuna maneno yanayoishusha bei kabla mazungumzo hayajaanza. "Bei ya kutupwa", "mwenye nyumba ana shida", "inauzwa haraka sana": dalali huyaandika akidhani anaita watu, na watu huja, ila huja wakiwa na nusu ya fedha. Kama muuzaji ana haraka kweli, afadhali atajwe muda pekee, kwa mfano kwamba anahama mwisho wa mwezi Machi. "Maongezi yapo" halina ubaya. Kwetu bei isiyo na maongezi huonekana ya kiburi. Ila likae baada ya bei, lisikae badala yake.

Tangazo likishatoka, sikiliza simu. Kama watano mfululizo wanauliza "hati ipo?", neno hati halionekani mapema, hata kama umeliandika chini. Wakiuliza "ni Goba ipi?", mahali hapajatosha, ongeza jina la kituo. Simu zikiwa nyingi na wanaokuja kuangalia wachache, mara nyingi ni nyaraka au bei. Hali inayohitaji uangalifu zaidi ni pale wanapokuja wengi, wanazunguka dakika kumi, wanashukuru na hawarudi tena. Hapo nyumba waliyoikuta siyo waliyoisoma. Kaa na tangazo, tembea nalo kuanzia lamini mpaka jikoni, na ufute kila neno ambalo huwezi kulionyesha kwa kidole.