Alicheza, Alitunga au Alihudhuria?

Tangazo la usaili wa wachezaji densi kwa kawaida huomba picha, video fupi na wasifu usiozidi maneno 150 hivi. Wengi huitolea jasho video, kisha wasifu wakauandika usiku wa mwisho. Koreografa, yaani mtunzi wa miondoko, anakuona kwenye video unavyocheza leo. Wasifu ndio unaomwambia nani aliufundisha mwili huo, umezoea kazi za namna gani, na katika kazi hizo wewe ulikuwa nani.

Hilo la mwisho ndilo linalowaponza wengi, hata wenye kazi kubwa za kujivunia. Mwaka 1975 Mjerumani Pina Bausch alitunga densi ya muziki wa Stravinsky, maarufu kwa jina la "The Rite of Spring", inayochezwa juu ya jukwaa lililofunikwa udongo. Bausch alifariki mwaka 2009. Miaka zaidi ya 10 baadaye kazi hiyo ilifundishwa upya kwa wachezaji 38 kutoka nchi 14 za Afrika, katika École des Sables, shule ya Germaine Acogny iliyopo Toubab Dialaw, Senegal. Onyesho la kwanza lilipangwa kufanyika Dakar Machi 2020, korona ikalizuia, na hatimaye likafanyika Madrid Septemba 2021.

Sasa mmoja wa wachezaji hao aandike nini? Akiandika "nimefanya kazi na Pina Bausch", amesema uongo bila kukusudia, na anayeifahamu historia ya densi atauona papo hapo. Aandike kwamba alicheza "The Rite of Spring", koreografia ya Pina Bausch ya 1975, katika urejesho wa École des Sables, Pina Bausch Foundation na Sadler's Wells. Sentensi hiyo ina uzito kuliko ile ya uongo. Inaonyesha kwamba mchezaji huyu anaweza kujifunza kazi iliyotungwa na mwingine, hatua kwa hatua, akaicheza kwa usahihi pamoja na kundi kubwa. Koreografa anayetafuta wachezaji wa kurejesha kazi ya zamani anataka hasa mtu wa namna hiyo. Yule anayetaka kutunga kazi mpya atatafuta neno jingine, "alishiriki kutunga", na hilo liandikwe pale tu ambapo miondoko yako mwenyewe iliingia kwenye onyesho.

Tumchukue sasa kijana wa Dar es Salaam ambaye wasifu wake unasomeka hivi: "Ni mchezaji mahiri mwenye kipaji cha kuzaliwa. Anacheza ngoma zote za asili na densi ya kisasa, na amefanya kazi na wasanii wakubwa wa ndani na nje." Hapo hakuna kinachoweza kuthibitishwa. Kipaji kitaonekana kwenye video. "Ngoma zote" humfanya msomaji ashuku kwamba hakuna hata moja iliyomkaa, kwa sababu Sindimba ya Wamakonde inaukaza na kuuzungusha mwili kwa namna yake, na Bugobogobo ya Wasukuma, inayochezwa na majembe mkononi, inadai mgongo na pumzi ya aina nyingine.

Tukimhoji, tunagundua ana mengi ya kweli. Wasifu wake mpya unakuwa hivi: "Alihitimu stashahada TaSUBa, Bagamoyo, mwaka 2018. Anacheza Sindimba na Bugobogobo, na hupiga ngoma zote mbili. Kwa miaka 3 alikuwa mchezaji wa kudumu wa kikundi kimoja Dar es Salaam, akicheza katika maonyesho mawili. Mwaka 2022 alishiriki kutunga onyesho la wachezaji wawili. Amehudhuria warsha ya wiki 2 ya densi ya kisasa." Tutakapoyajaza majina ya kikundi, maonyesho na watunzi wake, itakuwa kazi imekamilika, na bado haijafika maneno 100.

Warsha hiyo nimeiacha mwisho kwa makusudi. Wiki 2 kwa mwalimu maarufu ni jambo zuri, lakini zikitangulia stashahada ya miaka, msomaji atadhani hakuna kingine. Tena ziitwe warsha, zisiitwe ushirikiano. Mchezaji mwenye maonyesho kumi achague matatu au manne yanayokaribiana na kazi inayotangazwa, kwa hiyo wasifu unaopelekwa kwa mtunzi wa onyesho la ngoma za asili hautafanana na ule wa kundi la densi ya kisasa.

Kabla ya kuutuma, wapigie simu watunzi uliowataja. Nao huenda wakapigiwa na mwenye usaili, kuulizwa kama uliwahi mazoezini na kama ulimaliza msimu. Mtunzi aliyekwishakumbushwa ni onyesho lipi na mwaka gani atajibu mara moja. Asiyekumbuka jina lako atakuwa amekufuta kwenye orodha.