Usiulize 'kuna nafasi?': Jinsi ya kumwandikia afisa wa uajiri kabla kazi haijatangazwa

Ukimtumia ujumbe afisa wa uajiri wa kampuni ambayo haijatangaza kazi yoyote, ukamuuliza "kuna nafasi?", jibu utakalopata ni hapana, kama utajibiwa. Usidhani ana roho mbaya. Umemuuliza swali ambalo hawezi kulijibu vingine hata kama kazi iko njiani.

Hebu tuangalie kazi huzaliwa vipi ndani ya kampuni. Kwanza mkuu wa idara fulani anaona kazi imemlemea, au mtu wake ameacha. Anaomba aongezewe mtu. Ombi linaenda kwa wenye bajeti, wanakaa nalo, wanauliza kama kweli mtu huyo anahitajika. Wakikubali, ofisi ya wafanyakazi inaandika maelezo ya kazi. Kampuni nyingi huanza kwa kuwaangalia watu wao wa ndani, kisha huuliza wafanyakazi kama wanamjua mtu. Tangazo unaloliona kwenye simu yako ni hatua ya mwisho. Kati ya siku mdosi alipoona pengo na siku tangazo lilipotoka, wiki au miezi imepita.

Katika kipindi hicho chote, afisa wa uajiri anaweza kuwa anajua kuna kitu kinapikwa. Lakini bajeti haijaidhinishwa, na akikuambia "ndiyo, ipo" kisha ombi likataliwe, amejiletea balaa. Kwa hivyo anasema hapana, ama anakulenga tu.

Sasa, kwa nini ujisumbue kumwandikia? Kwa wengi wetu tusio na digrii, sababu ni moja. Tangazo likishatoka, linakuja na fomu, na fomu ina kisanduku cha kiwango cha elimu. Mimi niliacha chuo, kwa hivyo kisanduku hicho nakifahamu vizuri. Ikiwa walioomba ni mia kadhaa, njia rahisi ya kuwapunguza ni cheti, na unachujwa kabla mtu hajasoma umefanya kazi gani. Kabla ya tangazo, kichujio hicho hakijawekwa. Kuna mtu mmoja anayesoma sentensi zako chache, na wakati huo bado unaweza kupimwa kwa kazi uliyofanya.

Tuchukue mfano. Tuseme wewe ni karani wa stoo katika duka la jumla mjini Nakuru, na umefanya kazi hiyo miaka mitatu. Kampuni moja ya kusambaza vyakula yenye makao yake Nairobi imeweka picha mtandaoni za godauni jipya Naivasha, na kusema itafungua depo huko. Kwenye ukurasa wake wa ajira hakuna kitu. Lakini depo haijiendeshi. Lazima kuwe na anayepokea mzigo, anayeuhesabu na anayeutoa. Hiyo ndiyo dalili unayotafuta: tawi jipya, laini mpya ya bidhaa, meneja aliyeteuliwa juzi. Pasipo na dalili kama hiyo, ujumbe wako unaingia gizani.

Hatua ya pili ni kujua unamwandikia nani. Kwenye LinkedIn, tafuta jina la kampuni kisha uangalie orodha ya wafanyakazi wake. Unayemtaka ni yule aliyeajiriwa na kampuni yenyewe, ambaye cheo chake kina maneno kama "Talent Acquisition" au "Human Resources". Wapo pia maafisa wa mashirika ya kutafutia kampuni wafanyakazi. Hao hulipwa kujaza nafasi ambazo tayari wamekabidhiwa, kwa hivyo pasipo nafasi hawana la kukufanyia zaidi ya kukuweka kwenye orodha. Na ikiwa kampuni ni ndogo, haina afisa wa uajiri kabisa, mwandikie anayesimamia stoo zote.

Ujumbe ambao watu wengi hutuma ni huu: "Habari. Naomba nafasi yoyote ya kazi katika kampuni yenu. Niko tayari kufanya kazi yoyote na najifunza haraka. Sivii yangu hii hapa."

Tatizo liko kwenye neno "yoyote". Huyu afisa huwapanga watu kwa kazi: madereva huku, wahasibu kule, watu wa stoo pale. Mtu wa "kazi yoyote" hana pa kuwekwa. Ili akusaidie, itabidi afungue sivii, aisome yote, kisha akuamulie wewe unafaa nini. Hiyo ni kazi umempa, na ana nyingine kibao.

Sasa linganisha na huu: "Habari Bi. (jina lake). Nimeona mnafungua depo Naivasha. Nimekuwa karani wa stoo katika duka la jumla Nakuru kwa miaka 3, nikisimamia aina 1,400 za bidhaa. Nilipoanza, kwa kila bidhaa 1,000 zilizo kitabuni tulikuwa tukikosa 18 wakati wa kuhesabu. Sasa tunakosa 6. Najua hamjatangaza nafasi. Ningependa tu kujua: je, watu wa stoo wa Naivasha wataajiriwa kupitia ofisi yako au kupitia meneja wa depo?"

Nimeuandika kwa Kiswahili. Wewe tumia lugha ambayo kampuni hiyo hutumia kwenye matangazo yake. Tazama swali la mwisho. Linajibiwa kwa mstari mmoja. Halimlazimu kuahidi chochote wala kufichua bajeti ya mtu. Na akijibu "kupitia kwangu", ameshakiri kwamba watu wa stoo wataajiriwa, na jina lako tayari liko mbele yake. Akijibu "mtafute meneja wa depo", una haki ya kumwandikia meneja na kuanza hivi: "Nimeelekezwa kwako na ofisi ya wafanyakazi." Huo si ujumbe wa mgeni tena.

Hizo takwimu nazo zisiwe za kubuni. Ukiitwa, swali la kwanza litakuwa: mlipunguzaje? Jibu lako linaweza kuwa kwamba mlianza kuhesabu rafu chache kila siku badala ya kungoja mwisho wa mwezi. Kama mlikuwa watatu, sema "tulipunguza". Na usitaje jina la mwajiri wako wala hasara yake kwa shilingi, kwa sababu hizo ni siri zake na ujumbe hupigwa picha ukasambaa. Uwiano wa 18 kwa 1,000 unatosha kuonyesha kazi yako bila kumwanika mtu.

Jambo la kiufundi: kwenye LinkedIn, ukiomba kuunganishwa na mtu usiyemjua, kijisehemu cha kuandika neno ni kidogo, herufi 200 hivi kwa akaunti ya bure. Ujumbe wangu hapo juu hauingii. Kwa hivyo andika hivi: "Habari. Mimi ni karani wa stoo Nakuru, miaka 3. Nimeona mnafungua depo Naivasha. Je, watu wa stoo huko wanaajiriwa na ofisi yako au na meneja wa depo?" Akikubali, ndipo umtumie ule mrefu.

Sivii usiitume hadi aiombe. Akiiomba, tuma PDF moja na uipe jina linaloeleweka, kwa mfano jina lako, kisha "Karani wa Stoo", kisha "Nakuru". Miezi mitatu baadaye akitafuta neno "stoo" kwenye kompyuta yake, wewe utatokea. Faili inayoitwa "sivii yangu mpya 2" haitatokea. Sisi Wakenya tumezoea kujaza sivii nambari ya kitambulisho, dini na hali ya ndoa. Toa vyote hivyo. Haviamui kama unajua kuhesabu mzigo, na nambari ya kitambulisho ikiangukia mikono mibaya ni shida yako. Kuhusu chuo ulichoacha, katika ujumbe wa kwanza si lazima ukitaje. Kwenye sivii andika miaka uliyosoma bila kudai digrii, na ukiulizwa, jibu moja kwa moja.

Baada ya kutuma, matokeo ya kawaida zaidi ni kimya. Ngoja siku kumi hivi, kisha andika mara moja tu, na uwe na jipya la kusema: "Nimeona depo imeanza kupokea mzigo. Bado ningependa kujua watu wa stoo wanapitia kwa nani." Usiandike "vipi, kuna habari?" Asipojibu hapo, achana naye na utafute kampuni nyingine yenye dalili. Kutafuta nambari yake ya simu ya kibinafsi na kumtumia WhatsApp usiku kutakufanya ukumbukwe, ila kwa ubaya.

Jibu la pili ni "angalia tovuti yetu". Wengi hulichukulia kama kufukuzwa. Mara nyingine ndivyo ilivyo, lakini mara nyingine ndiyo sheria ya kampuni. Jisajili ili upate taarifa kazi zikitangazwa. Siku tangazo likitoka, omba kupitia fomu yao, halafu mwandikie afisa yule yule: "Nimeomba leo nafasi ya karani wa stoo Naivasha." Hapa ndipo vijana wengi hupoteza. Wanadhani kuongea na afisa ni kuomba kazi. Kampuni nyingi haziwezi kumwajiri mtu ambaye jina lake haliko kwenye mfumo, hata kama afisa anampenda vipi.

Njia hii ina mipaka. Usiipeleke serikalini: Tume ya Utumishi wa Umma na bodi za utumishi za kaunti hutangaza nafasi na huchagua kutoka kwa walioomba, kwa hivyo ujumbe wako kwa afisa huko hauna kazi. Tena, kama kazi yenyewe inadai leseni kisheria, mfano uuguzi au udereva wa lori, hakuna sentensi nzuri inayoweza kuchukua mahali pa leseni hiyo. Na kama "afisa" anakujibu ndani ya dakika mbili kwamba nafasi ipo, ila utume kitu kidogo kwa M-Pesa cha kufungua faili, huyo hana kazi ya kukupa. Afisa halisi, kama tulivyoona, hata kukuambia nafasi ipo anaogopa.

Basi wiki hii usitume jumbe hamsini. Chagua kampuni moja ambayo umeona kwa macho yako inapanuka, andika sentensi moja ya kazi uliyofanya na unayoweza kuieleza, kisha umalize kwa swali ambalo mtu anaweza kulijibu akiwa kwenye foleni ya matatu.