Buti za kwanza za saidia fundi

Saa kumi na mbili asubuhi, kwenye nyumba inayojengwa huko Goba, jijini Dar es Salaam, kijana wa miaka 21 ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, anavua soksi ya jana ambayo hakuweza kuivua usiku. Imegandia kisigino. Anaimwagia maji ya chupa, anasubiri kidogo, kisha anaivuta polepole kwa kidole kimoja. Inapoachia, inaondoka na kipande cha ngozi chenye ukubwa wa sarafu, na chini yake nyama inaonekana nyekundu, mbichi, inang'aa.

Huo ni mwezi wa nne tangu aanze kazi ya usaidizi: kubeba karai la zege, kusogeza matofali, kupanda na kushuka ngazi za mbao mara mia kwa siku. Alianza na ndala. Wiki ya pili akakanyaga msumari uliobaki kwenye ubao wa zege, ukapita ndala na kumchoma wayo. Walimwosha kwa maji na sabuni, wakampeleka zahanati akachomwa sindano ya pepopunda, na kesho yake akanunua raba za mtumba. Raba zikamkinga na michubuko ya kokoto. Malengelenge ndiyo yakaanza.

Yeye aliamini anaumia kwa sababu raba ni ngumu, au kwa sababu miguu yake bado haijazoea kazi. Wenzake walimwambia avumilie, sugu itaota. Sugu huota kweli pale ngozi inaposuguliwa kidogo kidogo kwa muda mrefu. Lakini kisigino kilichotoboka Jumatatu kikarudi kazini Jumanne hakipati muda wa kuotesha chochote.

Lengelenge huanzia ndani. Mtu anapotembea, mfupa wa kisigino husogea mbele na nyuma, huku ngozi ya juu imeshikiliwa na soksi na kiatu. Tabaka za ngozi zikawa zinavutwa pande mbili, hatua moja baada ya nyingine, hadi zinaachana katikati, na ile nafasi inajaa majimaji. Ngozi ya kisigino na wayo ni nene na imeshikamana sana na kilicho chini yake, ndiyo maana lengelenge hutokea hapo, wakati sehemu yenye ngozi nyembamba huchubuka tu. Unyevu huzidisha hali hiyo, kwa kuwa ngozi iliyolowa jasho hung'ang'ania soksi kuliko ngozi kavu. Kijana wetu alikuwa na vyote viwili: soksi za pamba zilizolowa tangu saa tatu asubuhi, na raba namba 44 katika mguu ambao, kama tutakavyoona, ulihitaji 42. Alizichagua kubwa makusudi, akiamini afadhali kiatu kipwaye kuliko kibane. Kila hatua kisigino kilipanda na kushuka ndani yake.

Kilichomtia hofu fundi wake hakikuwa malengelenge yenyewe. Ilikuwa saruji.

Siku ya kumwaga zege la jamvi, rojo liliingia kwenye raba kupitia kitambaa cha juu. Saruji mbichi ni kali kama magadi yaliyokolea, na ubaya wake ni kwamba haiumi papo hapo. Mtu anaweza kufanya kazi saa nzima akidhani amelowa maji tu, kisha jioni akakuta ngozi imebadilika rangi na imeungua. Ikipata mahali palipokwisha kutoboka, huingia moja kwa moja. Fundi alimwona akichechemea, akamvua raba mwenyewe, akamwosha kwa maji safi mengi kwa muda mrefu.

"Mdogo wangu, hii miguu ndiyo inayokulisha," alimwambia. "Jumamosi ukilipwa usipitie popote. Nenda Karume ukanunue buti."

Ni haki kusema hapa kwamba jambo hilo halikupaswa kuwa mzigo wake. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya Tanzania, ya mwaka 2003, inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi vifaa kinga. Kwenye majengo makubwa hilo hufanyika, angalau kabla ya ukaguzi. Kwenye nyumba ya mtu binafsi, ambako kibarua huitwa kwa simu usiku na kulipwa jioni ya kesho yake, anayejali miguu ya saidia fundi mara nyingi ni saidia fundi mwenyewe. Kijana huyu alijiwekea shilingi 5,000 kila siku ya kazi kwa siku tisa.

Kabla hajaondoka, fundi alimfundisha kipimo. Simama wima juu ya karatasi, kisigino kikigusa ukuta, na mtu mwingine aweke alama mbele ya kidole kirefu kuliko vyote. Pima miguu yote miwili, kwa sababu ni nadra kulingana. Fanya hivyo jioni, kwa kuwa mguu huvimba kadiri siku inavyokwenda, na kiatu kilichokaa vizuri asubuhi kinaweza kuwa mateso saa tisa alasiri. Mguu wake wa kulia ulikuwa sentimita 26.5, wa kushoto 26.1. Unafuata ule mrefu. Unaongeza sentimita moja na nusu ya nafasi mbele ya vidole, inakuwa 28. Namba za viatu za Ulaya, zilizojaa kwenye mitumba, huhesabiwa kwa theluthi mbili za sentimita, kwa hiyo 28 unaizidisha kwa tatu na kuigawa kwa mbili. Jibu ni 42. Zile raba zilikuwa zimemzidi kwa sentimita moja na nukta tatu.

Soko la Karume, Ilala, Jumamosi jioni, mtu hupita kwa ubavu. Buti za kazi hupangwa juu ya turubai, zimepakwa dawa ya viatu hadi zinawaka. Jozi ya kwanza aliyoishika ilikuwa nyeusi, ngozi nzima, haina hata mkwaruzo, namba 42. Muuzaji alitaka elfu hamsini.

"Braza, hii haijavaliwa. Angalia soli, mpya kabisa."

Alikuwa anasema kweli, na hapo ndipo ulipo mtego. Soli nyingi za buti nyepesi hutengenezwa kwa poliyurethani, aina ya plastiki iliyojaa viputo vidogo vya hewa, laini na yenye kudunda vizuri. Plastiki hiyo huliwa na unyevu wa hewa. Polepole, mwaka baada ya mwaka, maji yaliyomo hewani huikatakata ndani hata kama buti limekaa tu kwenye boksi, na joto huharakisha kazi hiyo. Buti likihifadhiwa miaka kumi Ulaya, kisha likasafirishwa ndani ya belo na kufika kwenye jasho la Dar es Salaam, linaweza kuonekana jipya Jumamosi na kumeguka kama mkate mkavu ifikapo Jumatano. Watu husema wameuziwa feki. Mara nyingi ni buti halisi lililozeeka bila kuvaliwa.

Ukitaka kujua, tafuta tarehe. Buti za usalama zinazofuata kiwango cha kimataifa cha ISO 20345 hutakiwa kuwekwa tarehe ya kutengenezwa. Huwa kwenye lebo iliyoshonwa nyuma ya ulimi, au imechorwa chini ya soli kama uso wa saa, mshale ukionyesha mwezi. Ile jozi inayong'aa iliandikwa 2012. Kijana alikunja soli kwa mikono miwili, akaona nyufa nyembamba zikifunguka kwenye tabaka la kati. Akabonyeza kwa ukucha. Alama ikabaki, na vumbi kidogo likadondoka. Akairudisha mahali pake kwa adabu, akaenda meza nyingine.

Jozi aliyoichukua ilikuwa ya rangi ya udongo, imechunika puani, na ilionekana ya bei rahisi zaidi. Tarehe yake ilikuwa 2023. Soli ilikunjika ikarudi bila ufa. Ndani ya ulimi kulikuwa na maandishi S3, maana yake ngozi yake inazuia maji kwa muda, na ndani ya soli kuna bamba la kuzuia msumari. Angekuta S1 peke yake, bamba lisingekuwepo. Kofia ya vidole katika kundi hilo hupimwa kwa pigo la jouli 200, takriban sawa na uzito wa kilo 20 ukiangushwa kutoka urefu wa mita moja. Tofali zima la inchi sita lina uzito unaozidi huo, ila kwa kawaida huponyoka likiwa usawa wa magoti. Kofia iliyowahi kupigwa sana haiaminiki tena, kwa hiyo aliingiza mkono hadi mwisho akapapasa kama kuna sehemu imebonyea. Hapakuwa.

Kisha akazivaa zote mbili, akiwa na soksi nene alizokuja nazo, jambo lililomshangaza muuzaji. Vidole vilicheza bila kugusa kofia. Hili ni muhimu kwa sababu ngozi hulegea kadiri inavyovaliwa, lakini chuma hakilegei kamwe. Kinachogusa dukani kitagusa hadi mwisho. Alifunga kamba, akatembea, akapanda na kushuka kizingiti mara kadhaa akisikiliza kisigino. Kilitulia. Bei ya mwisho ilikuwa elfu arobaini na mbili.

Hakuzivaa kazini Jumatatu. Siku tatu za kwanza alizivaa jioni nyumbani, saa moja hadi mbili, wakati malengelenge yake yanakauka chini ya kitambaa safi. Alikuwa amekwisha kuambiwa asichune ngozi ya juu ya lengelenge, kwani ndiyo bandeji bora kuliko ya dukani, na kwamba akiona usaha, wekundu unaotambaa au homa, aende hospitali siku hiyohiyo. Mwenye kisukari asisubiri hata dalili hizo.

Alipoanza kuzivaa kazini alijifunza jambo moja zaidi. Ukifunga kamba kwa kukaza kila mahali sawasawa, wayo hufa ganzi na kisigino bado hucheza. Yeye hulegeza sehemu ya vidole, hugonga kisigino chini mara mbili ili mguu urudi nyuma, kisha hukaza pale kwenye kifundo. Mchana hubadilisha soksi. Jioni huzijaza buti magazeti ya zamani na kuziweka kivulini penye upepo, maana jua kali na moto hukausha ngozi hadi ipasuke.

Wiki ya tatu soksi ilivuka peke yake, kavu, bila maji. Ukienda kununua za kwako, nenda jioni, beba soksi na ile karatasi yenye kipimo, na usome tarehe kabla hujauliza bei.