Mdosi Akikuandikia "Uko Probesheni", Soma Hapa Kabla ya Kusaini

Umesota miezi nane, umepiga intavyu hadi sauti ikaisha, halafu simu inalia: imeli imeingia. Mboka ni yako! Tuseme ni ya keshia kwenye supamaketi moja Nakuru, mshahara shilingi 36,000. Ukishamaliza kuruka ruka, unasoma ujumbe wa meneja:

"Karibu kwenye timu. Utaanza kazi tarehe 3 Februari. Miezi sita ya kwanza, hadi tarehe 2 Agosti, utakuwa kwenye kipindi cha majaribio. Katika muda huo, wewe au kampuni mnaweza kuvunja mkataba kwa notisi ya siku 7. Tutakaa chini nawe mwezi wa tatu na wa tano tuangalie kazi yako. Ukifaulu utapewa barua ya kuthibitishwa, na kuanzia hapo notisi itakuwa siku 28. Ukiwa na swali, niulize kabla ya kusaini."

Huyo ni mdosi mpoa, maana ameweka kila kitu wazi. Sasa tuifungue imeli yake.

Miezi sita ndiyo mwisho

Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 42, inasema probesheni isizidi miezi sita. Mdosi anaweza kuiongeza hadi miezi sita mingine, lakini lazima wewe ukubali. Ukiambiwa tu "tumekuongezea" na hukuulizwa, hiyo si kukubali. Na hata ukikubali, jumla haiwezi kupita mwaka mmoja. Kwa hivyo yule msee anayekwambia yuko probesheni mwaka wa pili, kuna mtu anamchezea.

Tofauti iko kwa mfuko

Chukua huyu keshia wetu. Akiachishwa akiwa probesheni na mdosi hataki amalize notisi, atalipwa mshahara wa siku 7. Ukigawa 36,000 kwa siku 30, hiyo ni shilingi 8,400. Akiwa ameshathibitishwa, siku 28 zinampa 33,600. Tofauti ni 25,200, na kwa wengi hiyo ni rent ya keja hadi upate mboka nyingine. Lakini kumbuka notisi inakata pande zote mbili: ukithibitishwa, na wewe huwezi kuamka Jumatatu ukahepa na wiki moja tu.

Probesheni si kazi ya bure

Hapa ndipo wengi huuzwa mbuzi kwenye gunia. Wanaambiwa "likizo ni ya wenye wamethibitishwa". Zii. Sheria inahesabu muda ambao umefanya kazi. Ukiachishwa baada ya miezi miwili au zaidi, unadai siku 1.75 za likizo kwa kila mwezi kamili. Keshia wetu akiachishwa mwezi wa nne ukiisha, na hajachukua likizo hata moja, anadai siku 7, juu ya mshahara wa siku alizofanya. Ukiugua pia, baada ya miezi miwili kazini una haki ya likizo ya ugonjwa yenye malipo, bora ulete cheti cha daktari.

Na kufutwa je?

Zamani mdosi alikuwa anaweza kukutoa probesheni bila hata kukusikiliza. Mwaka 2021, majaji watatu wa Mahakama ya Ajira na Uhusiano wa Kazi walisema kuwanyima wafanyakazi wa probesheni nafasi ya kujitetea ni kinyume na Katiba. Yaani uambiwe kosa lako kwa lugha unayoelewa, mfanyakazi mwenzako akiwepo, na usikizwe. Kuthibitishwa nako si kuoa kazi: bado unaweza kufutwa, ila mdosi lazima awe na sababu halali na afuate utaratibu huo.

Tarehe 2 Agosti ikipita kimya

Hii ndiyo shida kubwa. Siku inapita, hakuna barua, unaendelea kuchapa kazi, unaogopa kuuliza usionekane msumbufu. Halafu mwezi wa tisa unatolewa na notisi ya siku 7, unaambiwa hukuwahi kuthibitishwa. Hapo unaweza kupigana, lakini ni kesi, na kesi ni wakati na doo.

Ndiyo maana wiki mbili kabla ya siku hiyo, unamwandikia meneja hivi: "Kipindi changu cha majaribio kinaisha tarehe 2 Agosti. Naomba matokeo ya tathmini yangu na barua ya kuthibitishwa." Iandike kwa imeli, si kumwambia pale kantini, ndiyo ibaki na tarehe. Weka nakala kwa simu yako, pamoja na ile imeli ya kwanza. Mambo yakichacha, ofisi ya leba itaanza kwa kukuuliza karatasi.