Beringi iko njiani, mashine imesimama

Kiwanda cha Kampala kinachoagiza kipuri Ulaya hungoja mara mbili: kwanza meli itie nanga Mombasa, kisha lori limalize zaidi ya kilomita 1,100 za barabara na mpaka wa Malaba au Busia. Kwa sababu hiyo, namba moja ndogo katika moduli ya matengenezo ya SAP, programu ya Kijerumani inayotumiwa na viwanda vingi duniani, huwa na uzito zaidi Kampala kuliko Hamburg.

Moduli hiyo, inayojulikana kwa herufi PM, huunganisha ratiba ya huduma, hati za kazi na ghala la vipuri. Tarehe ya huduma inapokaribia, mfumo hufungua hati ya kazi. Fundi mkuu akiiidhinisha, vipuri vilivyoorodheshwa huwekewa akiba, na visipokuwepo, ombi la kununua huandaliwa. Namba yenyewe ni asilimia inayoamua hati ifunguliwe mapema kiasi gani. Kwa 0 hufunguliwa papo hapo, na kwa 100 hungoja siku ya huduma.

Tuseme mashine ya kujaza soda hubadilishiwa beringi kila baada ya siku 90, na asilimia imewekwa 90. Hati itafunguliwa siku ya 81. Beringi ikichukua siku 40 kufika, fundi atakuwa na siku tisa tu mkononi. Kwenye skrini kila kitu kimekwenda kwa ratiba, lakini rafu ni tupu. Asilimia ikishushwa hadi 50, hati hufunguliwa siku ya 45, na mzigo unapata muda wa kusafiri.

Kushusha sana nako kuna gharama. Kipuri kilichowekewa akiba mapema hakiguswi kirahisi, hata kama mashine ya jirani imeharibika leo. Kwa beringi za bei nafuu zinazotumika mara kwa mara, ni afadhali ghala liwe na kiwango cha kuagiza upya. Zikitumika sita kwa siku 90, siku 40 zitakula karibu tatu, kwa hiyo mtunza ghala aagize zikibaki nne.

Kosa jingine huanzia kwenye karatasi. Fundi humaliza kazi, lakini hati haifungwi, yaani haipewi alama ya `TECO`, hadi wiki tatu baadaye. Ratiba ikiwa imepangwa kusogea pamoja na ucheleweshaji, mfumo huamini kazi ilifanyika siku hati ilipofungwa, na huduma inayofuata husukumwa mbele kwa siku 21. Dalili yake huonekana kwa kulinganisha tarehe ya kipuri kutoka ghalani na tarehe ya kufunga hati. Zikipishana kwa wiki kadhaa, beringi iliyomo ndani ya mashine imezeeka kuliko mfumo unavyodhani.