Benchi la Fundi Lisiloyumba, kwa Mabaki ya Mbao

Ukipita Keko, Dar es Salaam, kwenye karakana za fanicha, utaona vipande vya mbao vimelundikwa kando ya misumeno: ncha za mbili kwa nne, mbao fupi za mbili kwa tatu, pembe za plaiwudi. Vingi huishia kuwa kuni. Lundo kama hilo linatosha kutoa benchi zima la useremala, maana sehemu kubwa ya benchi ni vipande vifupi vilivyounganishwa vizuri.

Kabla ya kukata, chagua. Paini na saipresi za mashambani mara nyingi huuzwa zikiwa bado mbichi, na ubao mbichi hupinda baada ya kufungwa na gundi haiushiki vizuri. Pima kipande kimoja kwa mizani ya jikoni, kiache kivulini penye hewa, ukipime tena kila baada ya siku chache. Uzito ukiacha kushuka, mbao zako ziko tayari. Mbao zilizotoka kwenye kumwagia zege zisugue kwanza kwa brashi ya waya, kwa kuwa chembe za saruji hula makali ya randa. Pitisha sumaku juu ya kila kipande ili kutafuta misumari iliyokatikia ndani.

Tuchukue benchi la urefu wa sentimita 150, upana 50, na kimo cha 87 hivi. Kimo hicho kinamfaa mtu wa urefu wa kawaida. Kipimo cha kuamini zaidi ni mwili wako mwenyewe: ukisimama wima na mikono imening'inia, uso wa benchi uwe karibu na kifundo cha mkono, kwa sababu ukipiga randa unasukuma kwa uzito wa kiwiliwili, na benchi lililo juu sana litakuchosha mabega.

Miguu ndiyo inayoonyesha faida ya vipande vifupi. Kila mguu una urefu wa sentimita 80 na umetengenezwa kwa mbili kwa nne mbili zilizogundishwa ubapa kwa ubapa. Ubao wa nje ni mzima. Ubao wa ndani ni vipande vitatu vilivyoachana, na nafasi zilizobaki kati yao ndimo zinamolala mbao nyingine. Unapata tundu safi bila kugusa patasi. Kipande cha kwanza kinasimama kutoka sakafuni hadi sentimita 15. Juu yake unalala ubao mrefu wa chini, wa sentimita 120, unaounganisha mguu wa kushoto na wa kulia. Ubao kama huo wa juu unakaa kwenye kichwa cha mguu, kati ya sentimita 70 na 80. Kwa hiyo mbao ndefu za kutafuta ni nne tu, mbili kwa kila upande.

Ukiishia hapo, benchi litasimama, lakini siku ya kwanza ya kupiga randa litaanza kuyumba. Fremu ya pembe nne hulala upande hata kama mbao zake ni nene, kwa sababu kinachoizuia ni kile kibano kidogo cha misumari kwenye kona. Pembetatu hailali hivyo: ili ibadili umbo ni lazima upande mmoja ufupike au urefuke. Ubao wa mshazari ndio unaoigawa fremu kuwa na pembetatu, na namna unavyokaa ina uzito kuliko unene wake.

Watu wengi huupigilia misumari ubao huo juu ya mguu na kuona kazi imekwisha. Ukisukuma benchi upande mmoja, mshazari unabanwa. Ukilisukuma upande mwingine, unavutwa, na nguvu yote ya kuvuta inabebwa na misumari. Matundu ya misumari hupanuka kidogo kidogo hadi benchi linaanza kutoa mlio. Dawa ni kuweka mishazari miwili kila upande mrefu, ikielekeana, ili kila unaposukuma, mmoja wao ubanwe. Na unapobanwa, ubao usukume ubao, si msumari.

Kwa benchi letu, mshazari unaanzia kwenye mguu, sentimita 35 chini ya ubao mrefu wa juu, na kuishia chini ya ubao huo, sentimita 35 kutoka kwenye mguu. Makali yake ya chini yatakuwa karibu sentimita 50. Chukua kipande cha 60 na uchore mikato ukiwa umekilaza juu ya fremu. Pale mguuni, kile kipande cha ndani cha katikati kikatwe kichwa chake kwa nyuzi 45, kiinamie ndani. Ncha ya mshazari, iliyokatwa mraba, inakaa juu ya mwinamo huo kikamilifu. Kule juu, kata ncha ilingane na ubao wa kulala, kisha punguza ile ncha kali kwa mkato wa wima wa sentimita 3. Kati ya mishazari miwili gundisha na kaza kwa skrubu kipande cha sentimita 36 chini ya ubao wa kulala. Hapo ncha zote mbili zina kitu cha kuegemea.

Kabla gundi haijakauka, pima fremu kutoka kona hadi kona. Kwa upana wa 120 na kimo cha 80, kila mshazari wa kipimo uwe sentimita 144 na milimita 2 hivi. Vipimo viwili vikitofautiana, fremu imelala. Isukume kwenye ile kona ndefu hadi vilingane. Pande fupi hazina nafasi ya mishazari mirefu, kwa hiyo ziunge kwa mbao fupi za kulala na ufunge kila kona kwa pembetatu ya plaiwudi, kwa gundi na skrubu.

Uso ni mbao za mbili kwa tatu zilizosimamishwa kwa ubavu, safu kumi na mbili hivi. Vipande vya sentimita 40 au 90 vyote vinafaa, mradi maungio ya safu moja yaachane na ya safu jirani kwa angalau sentimita 15, kama matofali ya ukuta. Angalia nyuzi za kila kipande zielekee upande mmoja, la sivyo randa itang'oa vibanzi. Asiye na klempu afunge mbao mbili imara sambamba na abane safu kati yake kwa kabari. Gundisha safu tatu au nne kwa wakati mmoja. Zikizidi, gundi itaanza kushika kabla hujamaliza kubana.

Unyoofu wa uso unatafutwa benchi likiwa limesimama mahali pake. Weka fito mbili zilizonyooka, moja kila mwisho wa benchi, kisha inama utazame kutoka upande mmoja. Ukingo wa fito ya mbali ukionekana umeinuka upande mmoja, uso umejisokota, na kona iliyoinuka ndiyo ya kupunguza. Piga randa ndefu kimshazari, kisha upande wa pili kimshazari, na mwisho kwa urefu. Laza rula ndefu na umulike tochi nyuma yake: mwanga unaopenya unaonyesha mabonde. Bonde dogo katikati linavumilika. Kilima katikati ni kibaya zaidi, kwa sababu ubao unaoupigia randa utacheza juu yake.

Usifunge uso kwa misumari mikali kila mahali. Mbao hupanuka kwa upana msimu wa mvua na kusinyaa kiangazi, hasa Pwani. Kaza ukingo wa mbele kwa skrubu za kawaida, na kwa ukingo wa nyuma toboa matundu marefu kidogo kuelekea nyuma, weka washa, kisha kaza bila kubana mno. Uupige randa tena baada ya msimu mmoja wa mvua na kiangazi, kwani hapo mbao zitakuwa zimezoea hewa ya karakana.